Ukipata barua ya ukaguzi wa TRA na wanasema hela zote za benki ni mauzo: fanya hivi hatua kwa hatua

Naandika hii kwa wenye maduka wa huku kwetu, Mtwara, Masasi, Newala, Nachingwea mpaka Lindi mjini, maana kazi yangu ni kuwaandalia watu vitabu vya hesabu na kila mwaka nakutana na kesi ile ile. Mtu ana duka lake la vifaa vya ujenzi au pembejeo, anatoa risiti, anapeleka ritani, halafu siku moja inakuja barua ya ukaguzi. Anapeleka stetimenti za benki, zinajumlishwa hela zote zilizoingia, zinalinganishwa na mauzo aliyotangaza, tofauti inaitwa mauzo yaliyofichwa na inapigwa kodi. Anabaki ameshika kichwa anasema mbona hela nyingine ni mkopo, nyingine ya mama ya korosho, nyingine ilikuwa ya mchango. Ni kweli kabisa, lakini mkaguzi ameona namba tu kwenye karatasi, hajui ipi ni ya mama na ipi ni ya bati, na sheria inasema wewe mlipakodi ndiye wa kuonyesha kwamba makadirio yamezidi. Kwa hiyo leo sizungumzii ukaguzi wote, nazungumzia hiyo tofauti ya benki tu, kwa sababu ndiyo inayowaumiza watu wengi na ndiyo inayojibika vizuri ukiwa na karatasi.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Namba nimeziweka mwenyewe ziwe nyepesi kufuata. Chukulia kaka mmoja wa Masasi, anauza simenti, bati, misumari na nondo, ni mtu binafsi sio kampuni, anakaguliwa mwaka 2023. Mauzo aliyotangaza ni milioni 112. Kwenye akaunti ya benki ziliingia milioni 128 na kwenye lipa namba ya simu ziliingia milioni 48, jumla milioni 176. Tofauti ni milioni 64. Kwa mtu binafsi kipande cha mapato kinachozidi milioni 12 kwa mwaka kinatozwa asilimia 30, na yeye tayari alishavuka hapo, kwa hiyo milioni 64 mara asilimia 30 ni 19,200,000, bado riba na adhabu juu yake. Hiyo ndiyo hela tunayoitafutia majibu.

Hatua ya 1: jua ni barua gani umeshika na imekufikia lini

Watu wanachanganya barua tatu. Ya kwanza ni taarifa ya ukaguzi, inakwambia utakaguliwa kodi zipi, miaka ipi, na inaorodhesha nyaraka wanazotaka. Ya pili ni barua ya matokeo ya ukaguzi, yaani mkaguzi anakwambia nimeona hiki na hiki, jibu. Ya tatu ndiyo makadirio yenyewe, ina namba yake, ina kiasi cha kodi na tarehe ya kulipa. Hii ya tatu ndiyo inayoanzisha saa, una siku 30 tangu ikufikie kuweka pingamizi, na hizo ni siku za kalenda, Jumapili na sikukuu zimo. Ukilala siku 30 zikapita bila pingamizi wala maombi ya kuongezewa muda, makadirio yanakuwa ya mwisho na utadaiwa kama yalivyo hata kama yamekosewa.

Sasa hapa kuna jambo naomba ulichukulie kwa uzito. Wengi wetu TIN tulifunguliwa na kijana wa steshenari, akaweka imeili yake au akatengeneza imeili ambayo nywila yake haijui mtu mwingine, na namba ya simu ikawa ya laini ambayo ulishaitupa. Taarifa zinatumwa huko, siku zinahesabiwa, wewe uko dukani hujui lolote, unakuja kushtuka unapodaiwa. Kabla hata hujaletewa barua yoyote nenda TRA au ingia kwenye akaunti yako ya mtandaoni uangalie imeili na simu zilizosajiliwa, badilisha ziwe zako. Na barua ikija kwa mkono andika tarehe uliyopokea juu ya bahasha pamoja na jina la aliyepokea, maana mara nyingi anapokea kijana wa dukani anaiweka chini ya mezani wiki nzima.

Hatua ya 2: jibu taarifa ya ukaguzi kwa maandishi, na usikabidhi kitu bila orodha

Ukishapata barua ya kwanza usisubiri kuitwa. Andika barua fupi kwamba umepokea, utaleta nyaraka tarehe fulani, na kama kitu fulani kinahitaji muda (mfano stetimenti za mwaka mzima kutoka kampuni ya simu) kitaje na sema lini utakipata. Unaweza kuandika Kiswahili, kinakubalika kisheria kama Kiingereza, usijibane na lugha ya watu ukaandika kitu usichokielewa.

Siku ya kupeleka nyaraka peleka nakala, orijino baki nazo na uzionyeshe wakitaka kulinganisha. Tengeneza orodha ya makabidhiano: faili namba moja, stetimenti ya benki Januari hadi Desemba 2023, kurasa ngapi, faili namba mbili, ripoti za Z, kurasa ngapi, na kuendelea. Aliyepokea asaini na kugonga muhuri kwenye nakala yako. Nimeona mtu analeta maboksi matatu ya risiti kwa bodaboda, hakuna orodha, miezi minne baadae anaambiwa risiti za manunuzi za Agosti hazipo na yeye anajua alizileta, lakini hana cha kuonyesha. Na kile ulichoombwa mwanzoni kilete mwanzoni, ukija nacho wakati wa pingamizi swali la kwanza litakuwa siku zote hizo kilikuwa wapi.

Hatua ya 3: kusanya rekodi, na hapa nazungumzia zile za kuelezea hela ya benki

Sheria inakutaka utunze kumbukumbu si chini ya miaka 5, kwa hiyo ukaguzi wa 2023 ukija 2026 huwezi kusema zimepotea. Unavyohitaji ni stetimenti ya kila akaunti yenye jina lako, hata ile unayoona haihusiani na duka, maana zikionekana baadae inaonekana ulificha. Stetimenti ya lipa namba na ya laini yako ya kawaida. Omba benki wakupe kwa ekseli kama inawezekana, sio karatasi tu, utaona sababu mbele. Ripoti za Z za kila siku kutoka kwenye mashine ya EFD. Risiti za manunuzi. Barua ya mkopo. Karatasi za AMCOS. Hati za mauziano ya kitu chochote ulichouza kisicho bidhaa, kama pikipiki au kiwanja.

Risiti za EFD ni karatasi ya joto, kwa hali ya hewa ya huku pwani zinafutika, ukizibandika kwenye bati la dukani au kuziacha kwenye dashibodi ya gari miezi sita unabaki na karatasi nyeupe. Toa kopi au piga picha wiki hiyo hiyo uliyonunua mzigo. Kama imeshaanza kufifia lakini msimbo wa uhakiki ulio chini unasomeka bado, ingia `verify.tra.go.tz`, weka huo msimbo na muda wa risiti, itakuja, uichapishe. Hiyo njia inaonyesha pia kama risiti uliyopewa na msambazaji ilikuwa ya kweli, na kuna watu wamegundua hapo kwamba mzigo wao wa milioni mbili risiti yake ilikatwa ya laki mbili.

Kitu kimoja usikifanye hata ukibanwa vipi. Usiende kutengeneza karatasi leo za mwaka 2023. Risiti ya EFD ina tarehe na muda wake kwenye mfumo, hati ya mkopo ya mkono yenye wino mpya na stempu ya jana inajulikana, na ukishakamatwa na karatasi moja ya kutengeneza zile ishirini za kweli nazo zinapoteza uzito. Bora useme hili sina ushahidi kuliko hivyo.

Hatua ya 4: panga kila hela iliyoingia, moja moja

Hii ndiyo kazi yenyewe. Inachosha, kwa duka la kawaida inakula siku nne tano, ila hakuna njia ya mkato na ndiyo inayoshinda kesi. Fungua ekseli, weka safu sita: A tarehe, B akaunti, C maelezo yaliyoandikwa kwenye stetimenti, D kiasi kilichoingia, E kundi, F namba ya kiambatisho. Ingiza hela zote zilizoingia, za benki na za simu pamoja, halafu kwenye E andika kila moja ni nini: MAUZO, HAMISHO, MKOPO, KOROSHO, MCHANGO, REJESHO. Ukimaliza unapata jumla ya kila kundi kwa fomula kama hii:

```
=SUMIF(E:E,"HAMISHO",D:D)
```

Jumla ya makundi yote lazima iwe sawa na ile 176 ya mkaguzi, mpaka senti. Kama yako inakuja 174 usiendelee, tafuta hizo mbili ziko wapi kwanza, maana ukipeleka jedwali lisilofikia namba yake atakurudisha mwanzo na atakuwa na haki.

Twende sasa kwa kaka yetu wa Masasi. Kundi la kwanza ni HAMISHO na ndilo kubwa. Mteja akilipa kwa lipa namba hela inaingia kwenye simu, halafu kila baada ya siku mbili tatu kaka anaihamisha kwenda benki. Hela ile ile ya bati imeonekana mara mbili, kwenye stetimenti ya simu mara moja na kwenye ya benki mara moja. Kwa mwaka mzima alihamisha milioni 31. Ushahidi wake ni rahisi kama una uvumilivu, kwenye stetimenti ya simu imetoka 850,000 tarehe 14 Machi, kwenye benki imeingia 850,000 tarehe hiyo hiyo na namba ya muamala ni ile ile, unaziwekea rangi moja na unazipanga sambamba. Anza na kundi hili siku zote, kwa sababu hakuna anayebishana na namba mbili zinazolingana.

Kundi la pili MKOPO, benki ilimpa milioni 15 mwezi wa tano. Hapa anaweka barua ya mkopo, ratiba ya marejesho na ile mistari ya stetimenti inayoonyesha makato ya kila mwezi. Mkopo wa benki haukupi shida. Unaokupa shida ni mkopo wa mtu, "niliazimwa na mjomba", hapo unahitaji maandishi ya wakati ule, na zaidi ya maandishi unahitaji kuonyesha hela ilitoka kwenye akaunti ya mjomba na ilirudi kwake.

La tatu KOROSHO, na hili ni letu sisi watu wa kusini, mkaguzi aliyehamishiwa kutoka mkoa mwingine inabidi umweleze taratibu bila kukasirika. Mama yake ana shamba Newala, hana akaunti, alipojiandikisha AMCOS akaweka namba ya akaunti ya mwanae. Mzigo unapelekwa ghalani, unauzwa mnadani, malipo yanaingia benki. Msimu ule ziliingia 7,200,000 kwa awamu tatu. Hela hiyo sio ya kaka kabisa. Ushahidi ni stakabadhi za AMCOS zenye jina la mama na kilo, barua ya AMCOS inayosema mkulima fulani analipwa kupitia akaunti fulani, na muhimu kuliko vyote, hela ilitoka kwenda kwa mama. Kaka alimtumia mama kwa simu mara mbili na mara ya tatu alitoa taslimu siku hiyo hiyo. Kama ingeingia ikakaa ikanunua simenti ungekuwa na kazi ngumu zaidi kueleza.

Nikuongezee hapo, kama korosho ni zako mwenyewe usiandike tu "hii ni ya korosho sio mauzo" ukadhani umemaliza. Ni kweli sio mauzo ya duka, lakini kilimo cha biashara nacho ni chanzo cha mapato, kwa hiyo ionyeshe peke yake na gharama zake, salfa, palizi, wapuliziaji, usafirishaji, ili isije ikapigwa asilimia 30 nzima nzima kama faida tupu.

La nne MCHANGO. Kaka alikuwa mhazini wa unyago wa mtoto wa dada yake, watu wakamtumia yeye, 4,300,000. Sote tunajua ilivyo, mwezi mzima simu inalia elfu ishirini, elfu hamsini. Ila ushahidi wake ni daftari na orodha ya WhatsApp, na matumizi mengi yalilipwa taslimu kwa wapishi na ngoma bila risiti. Aliziweka kwenye jedwali kwa kweli yake, lakini nakwambia mapema hili ndilo kundi dhaifu. Ukiwa na duka pokea michango kwa laini nyingine, sio lipa namba ya biashara.

La tano REJESHO, alitoa milioni 5 taslimu mwezi wa nane aende Dar kufuata mzigo, akanunua wa milioni 2, milioni 3 akazirudisha benki siku nne baadae. Ukitazama upande wa kuingia peke yake zinaonekana kama mauzo ya siku moja ya milioni 3. Unaonyesha kutoka, unaonyesha risiti ya mzigo wa Dar, unaonyesha kurudi.

Jumlisha: 31 na 15 na 7.2 na 4.3 na 3, unapata 60,500,000. Toa kwenye 176,000,000, inabaki 115,500,000 ndiyo mauzo yaliyopita benki na simu. Alitangaza 112,000,000. Kumbe kuna 3,500,000 hazina maelezo. Alikaa chini na ripoti za Z akaona ni siku za mwezi wa tatu mashine iliharibika, aliuza kwa daftari na hakuja kuziingiza. Hapo cha kufanya ni kukubali. Andika kabisa kwamba 3,500,000 nakubali, kodi yake kwa asilimia 30 ni 1,050,000. Watu wanaogopa kukubali chochote, lakini mtu anayekubali kilicho chake anasikilizwa kwenye mengine.

Hapa kuna tundu moja wengi hawalioni mpaka waulizwe. Je, mauzo yote ya taslimu ulikuwa unayapeleka benki? Kama vibarua wa kushusha simenti, hela ya kula na matumizi ya nyumbani vilikuwa vinatoka kwenye droo kabla ya kupeleka benki, basi mauzo yako halisi ni ya benki jumlisha na ya droo, na hesabu yako ya juu itakugeukia. Kaka huyu alikuwa anapeleka kila jioni anachokata, matumizi anatoa benki, ndiyo maana inakaa. Njia ya kujipima ni kuchukua mwezi mmoja, panga ripoti ya Z ya kila siku pembeni ya kilichoingia benki kesho yake, utaona pengo lako liko wapi. Bora ulione wewe kwanza.

Hatua ya 5: jibu matokeo ya ukaguzi kabla hayajawa makadirio

Kama umeshapata barua ya pili tu, jedwali hili lipeleke hapo hapo, omba kikao, kaa na mkaguzi mpitie kundi kwa kundi. Ni rahisi mara kumi kurekebisha hapa kuliko baadae. Kwenye kikao andika dondoo, na ukiletewa karatasi ya kusaini kwamba umekubaliana na matokeo isome yote, omba kwenda nayo nyumbani. Ukishasaini kwamba unakubali milioni 64, kuja kuipinga ni kupanda mnazi kwa mkono mmoja.

Hatua ya 6: pingamizi, na ile hela ya theluthi

Makadirio yakitoka na bado hukubaliani, pingamizi linaandikwa kwa Kamishna Mkuu ndani ya zile siku 30. Barua nzuri haizidi kurasa tatu, mengine ni viambatisho. Weka jina, TIN, namba na tarehe ya makadirio, mwaka wa mapato, kiasi ulichokadiriwa, kiasi unachokubali na kiasi unachopinga. Halafu sababu, kila kundi aya yake, mfano: "Napinga kujumuishwa kwa shilingi 31,000,000 kama mauzo kwa kuwa ni uhamisho kutoka lipa namba kwenda akaunti yangu ya benki, hela hiyo hiyo ilishahesabiwa ilipoingia kwenye simu, angalia kiambatisho A, miamala yote imeorodheshwa kwa tarehe na namba." Hivyo tu. Maneno ya kwamba kodi ni kubwa, biashara ngumu, watoto wanasoma, hayana kazi kwenye sababu za pingamizi, yana sehemu yake na nakuja nayo sasa hivi. Pata uthibitisho wa kupokelewa, wa mtandaoni au wa muhuri, na uutunze.

Kinachowaangusha watu ni hapa. Pingamizi halipokelewi mpaka ulipe kwanza kiasi usichobishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Kwa kaka yetu kiasi asichobishia ni 1,050,000 na theluthi ya 19,200,000 ni 6,400,000, kwa hiyo anatakiwa alipe 6,400,000, ndani ya siku zile zile 30. Watu wengi wanaleta barua nzuri siku ya 29 hawajui habari ya theluthi, pingamizi linakataliwa hata halijasomwa.

Kama huna, sheria inaruhusu kumwomba Kamishna apunguze au asamehe hiyo theluthi, lakini lazima uombe kwa maandishi na uwe na sababu ya msingi, kwa mfano kuna utata wa kweli kwenye hesabu yenyewe, au kulipa kutakuumiza kupita kiasi. Hapo ndipo habari ya hali ya biashara inapoingia, na inakwenda na ushahidi, salio la benki, ratiba ya mkopo, thamani ya mzigo uliobaki. Kwenye mfano huu utata uko wazi, milioni 31 zimehesabiwa mara mbili na zinaonekana kwa macho, kwa hiyo anaandika hivyo na anaambatisha lile jedwali. Andika wiki ya kwanza, usingoje, maana maombi yakikataliwa unahitaji muda wa kutafuta hela. Na kama umeumwa au ulikuwa nje ya nchi, omba kuongezewa muda wa pingamizi kabla siku hazijaisha, na cheti cha hospitali kiambatishwe.

Hatua ya 7: baada ya pingamizi kupokelewa

TRA wakilipitia na wakaona hawakubaliani na yote watakuletea barua ya mapendekezo, wanakwambia tunakusudia kuamua hivi kwa sababu hizi. Una siku 30 kujibu kwa maandishi. Jibu kipengele walichokataa tu, usirudie kitabu kizima. Kamishna anatakiwa kuamua ndani ya miezi 6 tangu pingamizi lipokelewe, miezi ikipita kimya makadirio yanahesabika yamethibitishwa na unaruhusiwa kwenda mbele, kwa hiyo kimya sio ushindi, weka alama kwenye kalenda.

Mbele ni Bodi ya Rufani za Kodi. Nia ya kukata rufaa inawekwa ndani ya siku 30 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45 tangu upate uamuzi wa mwisho. Juu yake kuna Baraza la Rufani za Kodi, halafu Mahakama ya Rufani kwa hoja za kisheria tu. Ukifika Bodi tafuta mshauri wa kodi aliyesajiliwa au wakili, usiende peke yako, na piga hesabu kwanza ya nauli, siku za kufunga duka na ada ya mtu wako ukilinganisha na kodi inayogombewa.

Tumalize na kaka wa Masasi. Chukulia mapendekezo yanakuja, wamekubali hamisho, mkopo, hela ya mama na rejesho. Mchango wa unyago 4,300,000 wameukataa kwa kukosa ushahidi wa matumizi. Kodi yake ni 1,290,000. Akienda Bodi kwa ajili ya hiyo na daftari lile lile, gharama zinaweza kuipita. Anaandika kwamba anakubali. Jumla iliyobaki ni 3,500,000 na 4,300,000, yaani 7,800,000, kodi 2,340,000 badala ya 19,200,000, na riba na adhabu zinahesabiwa upya kwa kiasi hicho kipya.

Kama alikuwa ameshalipa ile 6,400,000 basi amezidisha 4,060,000 kabla ya riba na adhabu, na hela hiyo usitegemee ijirudishe yenyewe. Anaandika barua nyingine, anaambatisha uamuzi wa mwisho na risiti ya malipo ya theluthi, anaomba kilichozidi kirudishwe au kikatwe kwenye kodi yake ya robo mwaka inayofuata, halafu anaenda kuangalia kwenye akaunti yake ya TRA kama lile deni la 19,200,000 limefutwa kweli kwenye mfumo, kwa sababu likibaki linasomeka litakuja kumzuia siku anapoomba cheti cha uthibitisho wa kodi kwa ajili ya leseni.